Uzi: Chati ya apu nisiyoijua, nitajuaje kiputo kipi ni cha mwenye simu?

Kalamu ya Risasi

Wakuu, naomba macho yenu kwenye jambo hili.

Kwenye kamati yetu ya kujitolea kuna watu wawili, niwaite A na B. A anasema aliahidiwa kuletewa projekta kabla ya kikao. B anasema hakumbuki kabisa kuahidi kitu kama hicho. Maongezi yalifanyika kwenye apu ya kuchati ambayo mimi sijawahi kuifungua, wala wengine kwenye kamati hawaijui. A amenitumia skrinshoti kutoka kwenye simu yake na nimeombwa niisome niseme nani alisema nini.

Picha yenyewe imekatwa juu, kwa hiyo jina la anayechati naye halionekani. Rangi ya skrini ni nyeusi. Viputo vya kushoto ni zambarau iliyofifia, vya kulia ni kijivu. Naandika kama vilivyo, kutoka juu kwenda chini:

Kiputo kirefu kilichokatwa, kinaonekana mstari wa mwisho tu: "...na waya wake usisahau"
Kushoto: "Utakuwa nayo lini?"
Kushoto: "Maana kikao ni Jumapili"
Kulia: kiputo chenye duara lililokatwa kwa mstari, maandishi yake siwezi kuyasoma
Kulia: "Basi nitaileta Jumamosi" (juu yake kuna nukuu ndogo ya "Utakuwa nayo lini?")
Kulia: "Jioni hivi"
Kushoto: "Sawa, nakusubiri"

Swali langu ni moja. Hiyo "Basi nitaileta Jumamosi" ni ya mwenye simu, yaani A, au ni ya B? Wenzangu wameshaamua kwamba ni ya A kwa sababu iko kulia. Mimi nasita kumhukumu mtu kwa upande wa skrini.

Mzee wa Data

Mkuu, hilo halina mjadala. Kulia ni mwenye simu, kushoto ni mgeni. WhatsApp iko hivyo, Telegram iko hivyo, meseji za kawaida ziko hivyo. Wanaotengeneza apu wanaigana, hakuna atakayebuni upande mpya. A ameahidi mwenyewe halafu amesahau.

Ukitaka uhakika zaidi, angalia zamu. Watu wakichati hupokezana, huyu akisema yule anajibu. Ukishamjua mmoja, wengine unawahesabu tu.

Kifaranga

Kama ni rangi ndiyo inakuchanganya, ingia kwenye mipangilio ya apu, tafuta mandhari ya chati, chagua rangi unayotaka. Mimi vyangu nimeviweka kijani na cheupe.

Kalamu ya Risasi

@Kifaranga asante, ila simu si yangu. Nina picha tu mkononi, siwezi kubadilisha kitu.

@Mzee wa Data zamu hazitusaidii hapa. Tazama tena orodha: kushoto kuna viputo viwili mfululizo, kulia vitatu mfululizo. Nikihesabu kwa kupokezana nitampa kila mtu maneno ya mwenzake.

Fundi Skrini

Nimekuwa nikifanya majaribio ya apu kabla hazijatoka, na hili la pande ni kati ya vitu tunavyovikagua kila mara. Naomba tuende polepole.

Mzee wa Data yuko sahihi kwamba apu nyingi huweka ujumbe wa mwenye simu kulia. Lakini huo ni mwanzo wa kukisia. Kuna zisizotumia pande kabisa. Slack na Discord hupanga kila kitu kushoto, na unamjua mtu kwa jina na picha yake. Telegram ya kompyuta, dirisha likiwa pana, inaweza kusogeza viputo vyote kushoto, vyako na vya mwenzako.

Rangi nayo usiitegemee peke yake. Mandhari hubadilishwa, kama Kifaranga alivyosema. Na kuna mahali rangi inasema habari nyingine kabisa: kwenye iPhone, viputo vyako mwenyewe vinaweza kuwa vya bluu au vya kijani, kutegemea ujumbe umepita njia ya iMessage au njia nyingine kama SMS. Mtu asiyejua akikutana na bluu na kijani kwenye chati moja anadhani ni watu wawili. Kumbe ni mtu yuleyule.

Kinachosaidia ni kutafuta kiputo kimoja ambacho huna shaka nacho. Ukikipata, unaangalia rangi yake na upande wake, kisha unavipa viputo vingine vinavyofanana nacho mwenyewe huyohuyo. Na dalili bora ya kuanzia ni alama ya kufika kwa ujumbe: tiki moja, tiki mbili, neno la kusema umesomwa, au alama nyekundu ya kushindwa kutuma. Fikiria kwa nini alama hizo zipo. Apu inakupa habari za ulichokituma wewe, kama kimefika au bado. Ulichopokea umeshakiona kwa macho yako, huna haja ya kuambiwa kimefika. Kwa hiyo kiputo chenye tiki ni cha mwenye simu, popote kilipokaa.

Sasa nijibu mambo mawili. Pembeni ya saa, ndani ya viputo, kuna tiki? Ziko kwenye vya kushoto au vya kulia? Na chini ya picha, kama sehemu ya kuandikia imeonekana, maikrofoni au kitufe cha kutuma kiko mkono gani?

Dereva wa Usiku

Naingilia kidogo kwa sababu yalinikuta karibu na hayo. Kwenye Messenger niliona kipicha cha mwenzangu, kile kiduara kidogo cha sura yake, kimekaa kulia chini ya ujumbe. Nikawa nasema ujumbe ule ni wake, si picha yake ile pale? Tulibishana sana na mdogo wangu. Kumbe ile ni alama kwamba amesoma hadi hapo.

Fundi Skrini

Dereva, umeleta mfano mzuri sana na nashukuru. Picha ya mtu kwenye chati ina kazi mbili tofauti. Ikikaa pembeni ya kiputo, usawa mmoja nacho, kwa kawaida inamtaja aliyeandika. Ikiwa ndogo zaidi na imekaa chini ya kiputo, ukingoni, huwa inamtaja aliyesoma. Kwa hiyo picha ya B chini ya kiputo inaweza kuwa ushahidi kwamba kiputo hicho ni cha A. Saizi na mahali ilipokaa ndivyo vinavyotenganisha.

Kalamu ya Risasi

Nimeikuza picha kwenye kompyuta.

Tiki zipo, ni ndogo sana na rangi yake inakaribia ya kiputo, ndiyo maana sikuziona mwanzo. Ziko kwenye vya KUSHOTO. Vyote vitatu vina tiki mbili mbili baada ya saa. Vya kulia vina saa tu.

Sehemu ya kuandikia inaonekana nusu. Maikrofoni iko kushoto kabisa. Alama ya kuambatisha faili iko upande wa kulia.

Na kitu kingine ambacho sikukitaja. Katikati, juu ya kiputo cha "Utakuwa nayo lini?", kuna tarehe, na imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata kile kiputo chenye duara, maandishi yake ni ya Kiarabu. Nilidhani ni mapambo ya apu.

Fundi Skrini

Basi picha imejieleza. Simu ya A, au angalau apu hiyo, imewekwa kwenye lugha ya Kiarabu.

Lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto hugeuza skrini nzima, si maandishi peke yake. Mshale wa kurudi nyuma unahamia kulia, kitufe cha kutuma na maikrofoni vinahamia kushoto, na viputo vya mwenye simu vinahamia kushoto pia. Android ilianza kuwapa watengenezaji njia rasmi ya kugeuza mpangilio hivyo tangu toleo la 4.2, mwaka 2012. Mtengenezaji haandiki "weka kulia" au "weka kushoto". Anaandika "weka mwanzoni" au "weka mwishoni", na simu inaamua mwanzo uko wapi kulingana na lugha. Viputo vyako hukaa mwishoni mwa mstari. Kwa Kiswahili mwisho ni kulia, kwa Kiarabu mwisho ni kushoto.

Kilichokufanya usigundue ni kwamba A na B wanaandikiana Kiswahili. Maneno ya Kiswahili hayageuki, yanabaki yanasomeka kutoka kushoto kama kawaida. Kwa hiyo ndani ya kiputo kila kitu kinaonekana cha kawaida, ila viputo vyenyewe vimehama.

Kwa hiyo tiki ziko kushoto, maikrofoni iko kushoto, lugha ni Kiarabu. Zambarau ni A. Kijivu ni B. "Basi nitaileta Jumamosi" ni ya B.

Mzee wa Data

Nimekuelewa kuhusu lugha, hilo sikulijua. Lakini kuna kitu kinapingana nawe. Kile kiputo cha ahadi kina nukuu. Kwenye nukuu apu huandika jina la mtu. Kama juu ya nukuu hiyo pameandikwa "Wewe", basi kiputo ni cha mwenye simu. Kalamu, hebu angalia.

Kalamu ya Risasi

Kuna neno fupi juu ya nukuu, la Kiarabu, herufi tatu. Siwezi kulisoma. Nimelikata na kulibandika hapa chini kama picha, anayeweza anisaidie.

Binti Salha

Nimeliona. Ni "wewe". Alifu, nuni, te. Na kile kiputo chenye duara kinasema ujumbe huu umefutwa, bila kutaja nani amefuta.

Mzee wa Data

Si ndiyo hapo? "Wewe" iko kwenye kiputo cha kulia. Mwenye simu yuko kulia.

Fundi Skrini

Hapana, mzee wangu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kiputo chenye nukuu kina watu wawili ndani yake. Kuna aliyeandika jibu, na kuna aliyeandika maneno yanayonukuliwa. Jina lililo juu ya nukuu ni la huyo wa pili. "Wewe" inamaanisha kwamba maneno "Utakuwa nayo lini?" yaliandikwa na mwenye simu. Haisemi chochote kuhusu nani ameandika "Basi nitaileta Jumamosi" chini yake. Mtu anaweza kunukuu maneno ya mwenzake, anaweza pia kunukuu maneno yake mwenyewe.

Lakini nukuu hiyo inatupa ushahidi wa pili, usiotegemea tiki. "Utakuwa nayo lini?" yenyewe iko kwenye picha, juu kidogo, kushoto, zambarau. Apu inasema maneno hayo ni ya mwenye simu. Kwa hiyo zambarau ya kushoto ni mwenye simu. Tiki zilisema hivyo hivyo. Dalili mbili za asili tofauti zimekutana mahali pamoja, na hapo mimi huacha kusita.

Nikipata dalili moja tu naiandika kama dhana. Tiki peke yake inaweza kuwa umeisoma vibaya, hasa apu yenyewe ikiwa ngeni. Kuna apu inaweza kutumia tiki kwa maana nyingine usiyoijua.

Mzee wa Data

Hilo la nukuu umenifungua macho. Nakubali.

Kalamu ya Risasi

Wakuu, mambo yamekuwa mazito zaidi. B naye ametuma skrinshoti yake, kutoka kwenye simu yake. Mandhari yake ni nyeupe, picha inaanzia kwenye "Utakuwa nayo lini?", kwa hiyo kile kiputo cha juu hakimo.

Kinachonishangaza: viputo vimekaa pande ZILEZILE. "Utakuwa nayo lini?" kushoto. "Basi nitaileta Jumamosi" kulia. Mimi nilitegemea simu ya upande wa pili ionyeshe kinyume. Kwenye kamati wameshaanza kusema B amechukua picha ya A akaibadilisha rangi.

Dereva wa Usiku

Hata mimi ningesema hivyo. Simu mbili za watu wawili haziwezi kufanana pande.

Fundi Skrini

Zinaweza, na hapa zinapaswa kufanana. Tuhesabu pamoja. Simu ya A iko kwa Kiarabu, kwa hiyo maneno ya A yako kushoto na ya B yako kulia. Simu ya B, kama iko kwa Kiswahili au Kiingereza, maneno ya B yako kulia na ya A yako kushoto. Mabadiliko ni mawili: umebadilisha mwenye simu, na umebadilisha mwelekeo wa skrini. Moja linafuta lingine. Ukiona pande zimefanana kwenye simu za lugha zenye mielekeo tofauti, hiyo ndiyo hali sahihi. Kama simu zote mbili zingekuwa na mwelekeo mmoja na pande zikafanana, hapo ningeuliza maswali.

Usitazame pande. Tazama vitu ambavyo lazima vibadilike mtu akibadilika. Kwenye picha ya B, tiki ziko wapi? Juu ya nukuu pameandikwa nini? Na kile kiputo kilichofutwa kinasemaje?

Kalamu ya Risasi

Nimeangalia moja moja.

Tiki ziko kwenye vya KULIA sasa. Vya kushoto havina.

Juu ya nukuu kuna jina la A, lile B alilomhifadhia.

Kiputo kilichofutwa kiko kulia na kimeandikwa "Umefuta ujumbe huu". Apu yake iko kwa Kiswahili.

Fundi Skrini

Safi kabisa. Tiki zimehama upande. Nukuu iliyosema "wewe" kwa A sasa inamtaja A kwa jina. Ujumbe uliofutwa, ambao kwa A ulikuwa "umefutwa" bila mtu, kwa B umekuwa "umefuta". Mtu aliyebadilisha rangi ya picha ya A asingehamisha vitu hivi vitatu kwa usahihi namna hii bila kukusudia kughushi, na kama angekusudia kughushi kwa faida yake, asingeghushi picha inayomwelekezea ahadi yeye mwenyewe.

Naomba muwaambie wenzenu kwenye kamati wasimtuhumu B. Picha yake inathibitisha ya A.

Binti Salha

Mimi naongeza kitu kimoja kwa ambao wana simu za Kiarabu. Si apu zote hugeuka vizuri. Simu yangu iko kwa Kiarabu na kuna apu moja ya zamani ambayo menyu zimegeuka lakini viputo vyangu vimebaki kulia. Kwa hiyo mtu akiona Kiarabu asikimbilie kusema kushoto ni mwenyewe. Atafute tiki kwanza.

Fundi Skrini

Ni kweli, Salha, na ni nyongeza ya maana. Apu ambayo mtengenezaji aliandika "kulia" moja kwa moja badala ya "mwishoni" hubaki ilivyo. Ndiyo maana lugha naitumia kueleza kwa nini tiki ziko pale, siitumii kuanzia.

Dereva wa Usiku

Na kile kiputo cha juu kabisa, cha waya? Hicho ni cha nani? Kama ni A alimwambia B asisahau waya, inaonyesha walishakubaliana kuhusu projekta kabla ya hapo.

Kalamu ya Risasi

Hapo ndipo nimekwama. Kimekatwa, unaonekana mstari mmoja, na saa haionekani kwa hiyo sijui kama kuna tiki. Kinajaza karibu upana wote. Rangi yake naiona kama katikati ya zambarau na kijivu, kwa sababu kuna kivuli cha kichwa cha apu juu yake.

Fundi Skrini

Kiputo kirefu huwa hakifiki ukingo wa upande wa pili. Apu huacha nafasi ili ujue kimeegemea wapi. Pima nafasi tupu ya kushoto na ya kulia. Pia angalia kama kina kile kijipembe kilichochongoka, kinachoelekea ukingoni kwa mwenyewe. Ila ujue apu hazikubaliani kuhusu kijipembe: WhatsApp hukiweka kwenye kiputo cha kwanza cha mfululizo, kwa juu, na meseji za iPhone hukiweka kwenye cha mwisho, kwa chini. Kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kitu.

Angalia pia umbali wa kiputo hicho na kinachofuata. Viputo vya mtu mmoja vikifuatana hukaribiana, mtu akibadilika nafasi huongezeka.

Kalamu ya Risasi

Picha imekatwa hata pembeni, A aliikata kabla ya kunitumia. Kijipembe sikioni. Umbali siwezi kuulinganisha, kwa sababu ile tarehe imeingia katikati yake na "Utakuwa nayo lini?".

Mzee wa Data

Kwa maana ya maneno, mimi nasema ni A. Anayeagiza "usisahau waya" ni anayesubiri kuletewa.

Binti Salha

Inaweza kuwa B pia. Labda B alikuwa anamkumbusha A waya wa kitu kingine siku iliyotangulia. Tarehe imebadilika baada ya kiputo hicho, si mazungumzo ya siku moja. Maneno peke yake hayatoshi.

Fundi Skrini

Nakubaliana na Salha. Kwenye taarifa yako andika kwamba kiputo hicho hakijajulikana mwenyewe. Kisha mwombe A asogeze chati juu na apige picha nyingine bila kukata. Kama apu hiyo ina njia ya kutoa chati kama faili la maandishi, ni bora zaidi. WhatsApp ya Android, kwa mfano, ukitoa chati kila ujumbe unakuja na jina mbele yake, kwa sura hii:

```
12/03/2024, 14:05 - Jina: ujumbe wenyewe
```

Hapo hakuna upande wala rangi ya kubishania. Kumbuka tu kwamba jina ni lile mwenye simu alilomhifadhia mwenzake.

Kalamu ya Risasi

Nimemwandikia A. Amejibu kwamba apu hiyo haina njia ya kutoa chati, ila jioni atapiga picha nyingine akiwa na simu ile. B nimemwonyesha tiki kwenye picha yake mwenyewe, amesema sasa anakumbuka, na projekta bado iko kwake. Cha waya nitakiandika "haijulikani" hadi picha ifike.

Mzee wa Data

Ikifika iweke hapa. Mimi bado nasema ni A.